Baraza halikuwamo: kukataa kazi ya ziada na kuitolea bei

(Hotuba kwa mafundi ujenzi na wakandarasi wadogo, Kigoma Mjini)

Ndugu mafundi wenzangu, wazee wetu wa kazi hii, na vijana mnaoanza kushika kandarasi zenu wenyewe, nawasalimu kwa heshima. Nimeombwa nizungumzie jambo moja tu, nalo ni hili: mwenye nyumba anapokuomba kazi ambayo haimo katika makubaliano yenu, unamjibuje ili usiifanye bure, na wakati huohuo usimpoteze? Sitazungumzia mikataba kwa ujumla. Nitachukua nyumba moja tuliyoijenga kule Gungu na ombi moja lililoletwa katikati ya kazi, tulifuate tangu lilipotamkwa mpaka lilipolipwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vitatu na sebule, kwenye kiwanja kinachoteremka kama vilivyo viwanja vingi vya mji wetu huu wa vilima. Mwenye nyumba ni mzee anayeishi Dar es Salaam. Aliyekuwa akija kutazama kazi kila siku ni mdogo wake, ambaye mafundi wote walizoea kumwita Baba Mdogo. Mkataba wetu ulikuwa wa kurasa nne, pamoja na ramani na mchanganuo wa kazi na vifaa. Upande wa mbele wa nyumba, ramani ilionyesha mlango na ngazi tatu za zege za kushukia chini, basi.

Tulipokuwa tumefika kwenye lenta, Baba Mdogo alikuja asubuhi akasema kwamba kaka yake amepiga simu, ameona picha, na anataka mbele pawekwe kabaraza kadogo ka kupumzikia jioni. Akaongeza maneno ambayo kila mmoja wenu amekwisha kuyasikia: “Si mpo hapahapa, na vifaa vipo? Malizieni tu.”

Hapo ndipo kazi nyingi za ziada zinapopotelea, kwa sababu ombi linakuja likiwa limevaa umbo dogo. Linasemwa kwa kijineno cha kupunguza, linasemwa na ndugu ambaye hukumsainia mkataba, na linasemwa mbele ya mafundi wako, ambao wakikuona unasita watadhani huna utu. Fundi anayejibu “haya, tutaona” anadhani ameahirisha jambo. Kumbe mwenye nyumba amesikia kwamba limekubaliwa, na lililokubaliwa bila kutajiwa bei yeye atalihesabu kuwa limo katika bei ya kwanza. Wala siwezi kumlaumu kwa hilo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Jibu la siku ileile, lile la mdomo pale kwenye saiti, lisiwe ndiyo wala hapana. Nilichomjibu Baba Mdogo ni hiki: “Baba Mdogo, nimelipokea. Hili halimo katika ramani tuliyosaini, kwa hiyo leo jioni nitaipima kazi yenyewe, kisha nitamwandikia Mzee bei yake na siku zake. Mpaka atakapojibu, mafundi wataendelea na lenta.” Sentensi ya katikati ndiyo yenye uzito wote, yaani kwamba jambo halimo, nayo ilisemwa mapema na kwa sauti ya kawaida, kabla hata jiwe moja halijasogezwa. Ukiisema baada ya kuchimba msingi inageuka kuwa madai.

Kabla ya kuandika chochote, lakini, ni lazima ujiulize kwa haki kama kweli halimo. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo wenzetu wanaotoza kama ziada mambo ambayo mtu yeyote mwenye akili angeyasoma kuwa ni sehemu ya kazi. Mchanganuo ukisema utaweka mlango, basi kuziba nafasi kati ya fremu na ukuta kumo, hata kama hakukuandikwa. Kasoro uliyoifanya mwenyewe, na marekebisho yake, si ziada hata kidogo. Na pale maneno ya mkataba yanaposomeka kwa njia mbili, mimi huona ni busara kumwachia mwenye nyumba usomaji ulio mzuri kwake iwapo gharama ni ndogo, kisha kufafanua kwa maandishi ili lisijirudie. Baraza halikuwa na utata wa namna hiyo. Katika ramani mbele palikuwa na ngazi tatu, na katika mchanganuo ngazi hizo zilikuwa zimewekewa bei ya shilingi 120,000. Kumbukeni kiasi hicho, maana kitarudi.

Sasa tulipime hilo lililoitwa kadogo. Urefu wake ulikuwa mita 6, kwa kufuata upana wa sebule na chumba cha mbele, na upana wake mita 1.8, ili kiti na meza viweze kukaa na mtu apite. Kwenye kiwanja tambarare hiyo ni kazi nyepesi. Lakini sakafu ya nyumba pale mlangoni ilikuwa juu ya ardhi kwa nusu mita, na ukienda nje mita 1.8 ardhi inakuwa imeteremka hadi sentimita 90 chini ya sakafu. Baraza hilo basi linahitaji ukuta wa mawe wa kuzuia kifusi pande tatu, jumla ya mita 9.6, wenye msingi wake. Linahitaji kifusi cha karibu mita za ujazo 7 kilichoshindiliwa tabaka kwa tabaka, kwa sababu kikimwagwa chote kwa pamoja sakafu itabonyea masika ya kwanza tu. Juu yake inakuja zege ya sentimita 10, ambayo ni kama mita moja ya ujazo, halafu sakafu laini iliyo chini kidogo ya sakafu ya ndani na yenye mwinamo wa kutoa maji nje. Na ngazi tatu za awali hazitoshi tena, kwa kuwa ukingo mpya uko juu zaidi na unataka ngazi tano.

Nilipoziweka gharama kwenye karatasi, kwa bei tulizokuwa tukinunulia wakati ule, saruji ilikuwa mifuko 24 kwa shilingi 23,000, yaani 552,000. Mawe, mchanga, kokoto na kifusi, pamoja na usafiri wa kuvifikisha kule juu, vilifika 780,000. Ufundi ulikuwa wa siku tisa, mafundi wawili na vibarua watatu, jumla 774,000. Hiyo ni 2,106,000. Nikaongeza asilimia 15 ya usimamizi, zana na faida, ikawa 2,421,900, kisha nikatoa zile 120,000 za ngazi tatu ambazo Mzee alikwisha kuzilipia katika mkataba na ambazo sasa hatungezijenga. Ikabaki 2,301,900, nikaiandika 2,300,000.

Kule kutoa bei ya ngazi za zamani ni jambo dogo kwa fedha na kubwa kwa namna litakavyopokelewa. Mtu anayeombwa kulipa ziada hutafuta kwanza mahali anapotozwa mara mbili. Akikuta umempunguzia mwenyewe kabla hajauliza, basi hesabu iliyobaki ataisoma kwa jicho jingine. Na ni haki yake, kwa kuwa kazi ya ziada inapochukua nafasi ya kazi iliyokuwamo, anachodaiwa ni tofauti ya hizo mbili tu.

Baada ya bei zinakuja siku, na hapa mafundi wengi husahau. Tulikuwa tumepanga kupaua kabla mvua hazijashika, na ninyi mnajua ikifika Novemba hapa kwetu kuta zisizo na paa zinakuwaje. Kama mafundi walewale wangehamia kwenye baraza kwa siku tisa, kenchi zingesogea mbele kwa siku tisa, na tungelaumiwa kwa kuchelewa kuezeka ilhali aliyetuchelewesha ni mwenye nyumba. Kwa upande mwingine, baraza halikuweza kusubiri mpaka mwisho kabisa, kwa sababu plasta ya nje ya ukuta wa mbele inatakiwa ifanyike baraza likiwa tayari limesimama. Ukitangulia kupiga plasta, itabidi uivunje pale kifusi na zege vinapokutana na ukuta, na kiraka chake kitaonekana daima. Nafasi yake sahihi basi ilikuwa baada ya kupaua na kabla ya plasta ya mbele.

Jioni ile nilimwandikia Mzee. Nausoma ujumbe wote, kwa sababu mpangilio wake ndio ninaotaka muuangalie.

“Shikamoo Mzee. Leo Baba Mdogo ametufikishia ombi lako la kuongezewa baraza mbele ya nyumba, nasi tumelipokea kwa heshima. Baraza halimo katika ramani na mchanganuo tuliosaini, ambapo mbele kuna ngazi tatu pekee, kwa hiyo hatutaweza kulijenga ndani ya bei ya mkataba. Tuko tayari kulijenga kama kazi ya ziada. Nimelipima: urefu mita 6, upana mita 1.8, ukuta wa mawe pande tatu, kifusi, zege, sakafu laini na ngazi tano, bila paa. Gharama yake ni shilingi 2,300,000, baada ya kukuondolea shilingi 120,000 za ngazi zilizokuwamo. Litachukua siku tisa za kazi, baada ya kupaua na kabla ya plasta ya mbele, na siku hizo zitaongezeka katika tarehe ya kukabidhi nyumba. Bei hii inasimama kwa siku 14, kwa kuwa baada ya hapo tutakuwa tumekwisha kupiga plasta ya mbele na kutakuwa na gharama ya kuivunja na kuirudia. Ukiridhia, nijibu kwa maandishi kwamba umekubali baraza kwa bei na siku hizi. Usiporidhia, au usipojibu ndani ya siku hizo 14, tutaendelea kama ramani ilivyo, na ngazi tatu zitajengwa.”

Angalieni mambo machache humo. Kukataa kumesemwa mara moja, kwa sentensi moja, na sababu yake ni karatasi aliyoisaini yeye mwenyewe. Sikutaja ugumu wa maisha, bei ya mafuta, wala kwamba vijana wana njaa, kwa sababu ukileta sababu za aina hiyo unafungua mlango wa kujadiliana hali zenu badala ya kujadiliana kazi. Mara tu baada ya kukataa kunafuata utayari, bila kuacha nafasi ya Mzee kukaa na hapana tupu. Nimeandika “bila paa”, kwa sababu mtu anaposema baraza kichwani mwake huenda analiona limeezekwa, na tusipolitenga hilo sasa tutakuwa na kazi ya ziada ndani ya kazi ya ziada. Muda wa siku 14 una sababu inayoonekana ukutani. Ukiweka tarehe ya mwisho isiyo na sababu, mtu mzima atahisi anasukumwa. Na mwisho nimeeleza kitakachotokea akikaa kimya, ili ukimya wake usije kusomwa na yeyote kuwa ni kukubali.

Nilimwandikia Mzee mwenyewe, sikumwachia Baba Mdogo apeleke habari. Baba Mdogo si mtu mbaya, lakini si yeye aliyesaini, wala si yeye mwenye fedha. Katika mikataba yangu kuna mstari unaosema ni nani pekee anayeweza kuagiza mabadiliko, na jina linaandikwa. Nawaomba muuweke hata kama mkataba wenu ni wa nusu ukurasa. Ndugu, shemeji na mtoto wa kwanza wote watapita kwenye saiti yako, na kila mmoja atakuwa na wazo lake kuhusu dirisha.

Labda mtu ataniuliza: kwani sheria hainilindi nikiwa nimefanya kazi kweli na mwenye nyumba anaitumia? Inakulinda kiasi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haidai kila makubaliano yawe ya maandishi; yanaweza kufungwa kwa mdomo. Tena kifungu cha 70 kinasema kwamba mtu akimfanyia mwenzake jambo kwa njia halali, bila kukusudia kulifanya bure, na mwenzake akafaidika nalo, huyo aliyefaidika anawajibika kumfidia. Lakini someni vizuri: bila kukusudia kulifanya bure. Utakapofika mbele ya hakimu, au hata mbele ya wazee wa mtaa, utaulizwa ni nini kinachoonyesha kwamba hukukusudia hisani. Kama uliambiwa “malizieni tu”, ukanyamaza, ukajenga, na bei ukaitaja siku ya kukabidhi funguo, ukimya wako utasomeka kama hisani. Ujumbe ule wa jioni moja ndio unaojibu swali hilo kabla halijaulizwa.

Turudi kwa Mzee. Alijibu baada ya siku mbili, kwa ujumbe wa sauti, kwamba bei ni kubwa na anaomba “nimfikirie”. Hapa pana mtego wa pili. Ukipunguza bei na kazi ikabaki ileile, umemwambia kwamba bei ya kwanza haikuwa ya kweli, na hata bei ya nyumba nzima ataanza kuitazama upya. Ninachofanya mimi ni kupunguza kazi, na bei kushuka kwa kufuata kazi. Nilimjibu kwamba tukilifupisha baraza kutoka mita 6 hadi mita 4, likabaki mbele ya sebule peke yake, tungetumia saruji mifuko 18, shilingi 414,000. Mawe na vingine 590,000. Na siku saba za ufundi, 602,000. Pamoja na asilimia 15 ileile, na baada ya kutoa 120,000 zile, inakuwa 1,726,900, ambayo niliiandika 1,725,000.

Aliuliza swali zuri: kama urefu umepungua kwa theluthi, mbona bei haikupungua kwa theluthi? Jibu ni kwamba kuta mbili za pembeni na ngazi tano zinabaki kama zilivyo, liwe baraza la mita 4 au la mita 10. Kinachofupika ni ukuta wa mbele, kifusi na zege. Nawashauri mwe na majibu ya namna hii tayari, kwa kuwa mwenye nyumba anayeuliza hesabu kwa kawaida ameshaamua kulipa, anataka tu kujua kwamba hachezewi.

Palikuwa na njia nyingine niliyompa, ya kubadilishana. Mchanganuo ulikuwa na vigae vya sakafu vyumba vyote vitatu. Angeweza kuviondoa katika vyumba viwili, akamalizia kwa sakafu ya saruji, na fedha hiyo ikaingia kwenye baraza. Yeye hakuitaka, lakini njia hiyo hufaa sana kwa mtu ambaye kweli fedha yake imefika mwisho, kwa kuwa jumla ya mkataba inabaki karibu palepale. Sharti lake ni kwamba kinachoondolewa kiwe bado hakijanunuliwa wala kuanzwa. Vigae vilivyokwisha kufika saiti haviondoleki kwa maneno.

Mzee alichagua baraza la mita 4. Aliandika: “Nimekubali baraza mita 4 kwa 1,725,000 na siku saba.” Sentensi hiyo ilitosha. Niliinakili kwenye karatasi tuliyoiita Kazi ya Ziada Namba 1, nikaandika ukubwa, bei, siku, na tarehe mpya ya kukabidhi, akasaini Baba Mdogo kama shahidi na nakala nikaituma Dar es Salaam. Malipo tuliyagawa: asilimia 60, yaani 1,035,000, kabla ya kuagiza mawe, na 690,000 zilizobaki baraza likikamilika. Kwa nini 60? Vifaa vyote vilikuwa 1,004,000, na mimi sinunui vifaa vya kazi ya ziada kwa fedha ya nyumba. Ukichota saruji ya lenta ukajengee baraza, nyumba itasimama siku utakayoihitaji saruji ile, na hutakuwa na maelezo.

Wakati wa kulipwa, ziada hii ilikuwa na hati yake ya madai peke yake. Ukiichanganya na awamu ya nyumba, ubishi wowote kuhusu baraza utazuia fedha ya plasta na ya milango, ambayo haina ubishi. Zikitengana, mwenye nyumba anaweza kugomea shilingi 690,000 na bado awamu nyingine ikalipwa kwa wakati.

Najua wapo kati yenu ambao kazi zao ni za laki tatu, laki nne, na kurasa zote hizi zinawaonekea nyingi. Kwao nasema hivi: ukienda kujenga ukuta wa choo na mama mwenye nyumba akakuomba na karo la kufulia, mjibu palepale, “Mama, karo halimo katika bei yetu. Nitakujengea kwa elfu themanini, vifaa juu yako, nikimaliza ukuta keshokutwa. Nianze?” Akikubali, mtumie ujumbe mfupi wa simu wenye maneno hayohayo kabla hujachanganya zege. Akisema subiri kwanza, endelea na ukuta.

Na kuna ombi ambalo hukataliwa bila kutolewa bei. Baada ya baraza kuisha, Baba Mdogo aliomba tujenge na chumba kimoja juu yake, tukitumia ukuta uleule wa mawe kama msingi. Ukuta ule ulijengwa kushika kifusi na watu wanaokaa kuzungumza, si kubeba tofali, lenta na paa. Hapo sikuandika bei. Niliandika kwamba msingi uliopo haukukusudiwa kubeba ukuta wa chumba, na kwamba akitaka chumba basi ramani mpya ichorwe na msingi mpya uchimbwe, ndipo tuzungumze fedha. Chumba hicho hakijajengwa mpaka sasa.